Kenchi za chuma zilizoliwa na kutu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukaguzi, alama za hatari na kipi kitengenezwe kwanza

Maswali haya huulizwa na wenye maghala, wasimamizi wa majengo na mafundi wa Pwani. Mengi nimeyajibu kwa mfano mmoja: godauni la mji wa Tanga lililojengwa miaka ya 1970, mita mia kadhaa kutoka baharini. Lina kenchi 11 za pembetatu, kila moja ina upana wa mita 18, na kati ya kenchi na kenchi kuna mita 5. Jina la mwenyewe si muhimu hapa.

Paa langu lina kutu kila mahali. Nianze wapi?

Usianze na mahali palipo na kutu nyingi. Najua ndipo macho yanapokwenda, na ndipo mwenye godauni lile aliponipeleka siku ya kwanza: papi za upande wa bahari, nyekundu tupu, maganda ya kutu yakidondoka juu ya magunia. Alikuwa amekwisha kupata makisio ya kuzibadilisha zote. Kenchi namba 7, iliyokuwa karibu kuachia, ilikuwa na rangi ya kijivu na haikumshtua mtu.

Kutu huvimba. Chuma kikioza, maganda yake huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma chenyewe, kwa hiyo ganda nene kama biskuti huenda limekula milimita moja tu. Tena ganda linaloonekana liko mahali pakavu kiasi cha kubaki palepale. Panapopita maji kila mvua, kutu husombwa na kinachobaki ni engo nyembamba iliyo safi kwa macho. Kwa hiyo maswali ni mawili, na yote mawili hujibiwa kwa kila kipande: kimebaki chuma kiasi gani, na kipande hiki kikikatika nini kinaanguka? Alama ya hatari hutoka kwenye majibu hayo.

Kwa nini kenchi huoza zaidi mwishoni, pale zinapoingia ukutani?

Kwa sababu maji, takataka na chumvi hukutana hapo. Katika majengo mengi ya zamani ya Pwani, ncha ya kenchi imeingizwa kwenye tundu la ukuta na kuzibwa kwa plasta, na juu yake limepita gata lililofichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa. Gata likiziba, maji hayana pa kwenda ila ndani. Tanga nilitoa kwenye gata hilo majani makavu ya mkungu kiasi cha ndoo tatu, na chini yake kiota cha kunguru kilichosukwa kwa vipande vya waya. Maji yalikuwa yamesimama kimo cha kiganja, na mvua ilikuwa na siku 9 tangu inyeshe.

Chumvi nayo ina tabia ambayo wengi hawaitarajii. Chuma kinachonyeshewa mvua huoshwa, ila kilicho chini ya paa hakioshwi kamwe. Chumvi ya upepo wa bahari hukaa juu yake, huvuta unyevu usiku, na kazi ya kuoza huendelea hata kiangazi. Kiwango cha ISO 9223 hupanga mazingira kwa ukali wa kutu, na katika daraja la C5, ambako fukwe nyingi zenye upepo wa chumvi huangukia, chuma kitupu hupoteza mikroni 80 hadi 200 mwaka wa kwanza. Mikroni 200 ni sehemu moja ya tano ya milimita. Engo nyingi za kenchi zina milimita 5 au 6 tu.

Sawa, ncha zimeoza. Si ndiyo sehemu isiyobeba mzigo mkubwa? Katikati ndiko paa linakolemea.

Swali hili nalipenda, maana jibu lake ni kinyume cha tunavyodhani, na ndilo hasa linalofanya kutu ya ncha iwe hatari.

Katika boriti ya kawaida, ni kweli katikati ndiko kwenye kazi. Lakini kenchi ya pembetatu ina kimo kikubwa katikati na haina kimo mwishoni. Ukanda wa juu unashuka kwa mteremko mdogo na kusukuma ncha nje, kama miguu ya ngazi ya kukunja inavyotaka kuteleza sakafuni. Kinachozuia isifunguke ni ukanda wa chini, na mvuto wake ni mkubwa zaidi katika kipande cha kwanza kabisa kutoka ukutani.

Nilihesabu kwenye godauni lile. Nilichukua mzigo wa kilonyutoni 1 kwa kila mita ya mraba, yaani uzito wa mabati, papi na kenchi pamoja na mafundi wanaoweza kupanda juu. Kila kenchi inabeba mita 5 za paa, kimo chake katikati ni mita 3.6. Katikati ya kenchi, ukanda wa chini unavutwa kwa kilonyutoni 56, karibu tani 5.7. Ukutani, ukanda uleule unavutwa kwa kilonyutoni 98, karibu tani 10. Mahali panapolowa kuliko pote ndipo panapovutwa kuliko pote, na ndipo palipofunikwa na plasta.

Unene wa chuma kilichobaki unapimwaje?

Kwanza unavunja plasta. Mkaguzi asiyevunja plasta ya ncha hajakagua kenchi, amekagua rangi. Kisha nyundo yenye ncha, brashi ya waya, na grinda kwa wepesi mpaka uone chuma kinachong'aa eneo la sarafu. Pale pana ukingo wazi, kalipa inatosha. Penginepo ni kipima unene cha mawimbi ya sauti: unapaka jeli, unabonyeza kichwa chake, na kifaa kinasoma muda wa sauti kwenda na kurudi ndani ya chuma.

Kabla ya kupima palipooza, pima kipande kizima cha engo hiyohiyo, mahali pakavu katikati ya kenchi. Sisi tulipata milimita 5.9, tukajua engo iliagizwa ikiwa ya 50 kwa 50 yenye unene wa 6. Bila kipimo hicho hujui umepoteza kiasi gani, na michoro ya majengo haya mara nyingi haipo.

Kifaa hiki kinaweza kukudanganya, tena kwa upande mbaya. Chuma kikiwa chembamba sana, mwangwi wa kwanza hukipita kifaa, nacho husoma wa pili, kikakuonyesha milimita 5 palipo na 2.5. Ukiona ncha iliyooza inasoma vizuri kuliko jirani yake, usifurahi: toboa tundu dogo au tafuta ukingo uweke kalipa. Na kama kifaa hakisomi chochote juu ya uso wenye mashimo mashimo, usiandike "haikupimika" ukaendelea. Mara nyingi hapo ndipo pabaya zaidi.

Nionyeshe hesabu ya kenchi namba 7.

Ukanda wa chini ni engo mbili zilizowekwa mgongo kwa mgongo, katikati yake imepita plati ya kiungo, na zote zimefungwa kwa bolti za milimita 16 kwenye matundu ya 18. Kwenye mstari wa bolti ya mwisho, bawa la kulala lilibaki na milimita 3.0 na bawa la kusimama 4.0. Bawa la kulala ndilo linalokaa na maji na uchafu, kwa hiyo huliwa zaidi; hilo utalikuta karibu kila mahali.

Eneo la engo moja ni 3 mara 50, ukijumlisha 4 mara 47, jumla milimita za mraba 338. Tundu la bolti linaondoa 18 mara 4, yaani 72. Zinabaki 266, na kwa engo mbili ni 532. Zilipokuwa mpya, kwa hesabu ileile, zilikuwa 912. Imepotea asilimia 42.

Sasa gawanya mvuto. Wakati wa ujenzi, nyutoni 98,000 zilibebwa na milimita za mraba 912, sawa na nyutoni 107 kwa kila milimita ya mraba. Leo ni 184. Chuma cha kawaida cha wakati ule huanza kurefuka bila kurudi karibu na 250. Kenchi iliyojengwa ikiwa na akiba ya zaidi ya mara mbili imebaki na akiba ya theluthi moja, na hiyo ni kabla hujahesabu mashimo ya kutu ambayo kipimo changu hakikuyagusa.

Hesabu hii pia inajibu kauli ninayoisikia kila godauni: "Mbona limesimama miaka yote?" Limesimama kwa sababu mzigo wote wa hesabu haujawahi kufika juu yake kwa wakati mmoja. Mafundi sita wakipanda na mabati mapya upande ule, unaanza kuusogelea.

Alama za hatari unazipangaje?

Natumia mizani ya kuzidisha: uwezekano wa kipande kushindwa, 1 hadi 4, mara madhara yake, 1 hadi 4. Ni mizani yangu ya kazi. Ukimpa mhandisi mwingine atakuwa na yake, na si neno, mradi aitumie vilevile kwa jengo zima.

Upande wa uwezekano, kilichopoteza chini ya asilimia 10 na kiko pakavu kinapata 1. Mpaka asilimia 20 ni 2, mpaka 35 ni 3. Zaidi ya hapo ni 4, na 4 hupewa pia kipande chochote kilichotoboka, kilichojipinda, au chenye bolti isiyo na kichwa, hata kama vipimo vingine ni vizuri. Upande wa madhara, 1 ni kulegea kwa bati, 2 ni kipande ambacho jirani zake wanaweza kubeba kazi yake, 3 ni paa kulegea au kenchi kulala mahali pasipo na watu, na 4 ni kenchi kushuka juu ya watu.

Godauni lilitoa picha hii:

| Kipande | Uwezekano | Madhara | Alama |
|---|---|---|---|
| Kenchi 7, ukanda wa chini upande wa bahari | 4 | 4 | 16 |
| Bresi ya paa iliyokatwa, kenchi 1 na 2 | 4 | 3 | 12 |
| Bolti za plati ya kileleni, kenchi 4 | 2 | 4 | 8 |
| Papi za upande wa bahari | 3 | 2 | 6 |
| Vipande vya ndani vyenye kutu nyepesi | 1 | 3 | 3 |

Kuanzia 12, hatua inachukuliwa siku hiyohiyo. Alama 8 na 9, kazi iishe kabla ya masika yanayofuata. Kati ya 4 na 6, ndani ya mwaka. Chini ya hapo ni brashi na rangi kwenye matengenezo ya kawaida.

Papi alizotaka kubadilisha mwenye godauni zilikuwa za nne. Nikumbushe tu kwamba papi hazibebi bati peke yake, zinaushika pia ukanda wa juu usijipinde kwenda pembeni. Moja ikioza, jirani zinasaidia. Tatu zikifuatana juu ya kenchi moja, madhara yanapanda kutoka 2 hadi 4 na mpangilio wote unabadilika.

Bresi iliyokatwa haina kutu. Inaingiaje kwenye ukaguzi wa kutu?

Inaingia kwa sababu paa halijui tofauti. Miaka fulani nyuma fundi alipitisha bomba, bresi ikamsumbua, akaikata. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu huingia kwenye milango mikubwa na kulinyanyua paa jepesi kutoka ndani, na hapo kenchi hugeuka: ukanda wa chini, uliozoea kuvutwa, unaanza kubanwa. Engo ndefu nyembamba ikibanwa hujipinda, isiposhikwa pembeni na bresi. Kurudisha bresi ile ilikuwa kazi ya siku moja, kwa engo mpya mbili na bolti nane. Alama kubwa haimaanishi gharama kubwa.

Umenipa 16. Nifanye nini leo jioni?

Ondoa watu na bidhaa chini ya kenchi hiyo na chini ya jirani zake mbili, kwa maana kenchi ikishuka huvuta papi, na papi huvuta kenchi za jirani. Kataza mtu yeyote kupanda juu ya paa. Zibua gata, lakini kwa ngazi kutoka nje. Kisha tegemeza.

Kutegemeza ndipo watu wenye nia njema wanapoharibu. Nguzo ya kutegemeza ikae chini ya kiungo, yaani pale vipande vinapokutana, wala si katikati ya ukanda ambako itaupinda. Tulichagua kiungo cha kwanza ndani, mita 2.25 kutoka ukutani, ili kipande kilichooza kipumzike. Chini, nguzo isimame juu ya ubao mpana au plati, na sakafu ihakikishwe si ngozi ya saruji juu ya mchanga. Kaza jeki mpaka iguse na kushika. Usinyanyue. Ukinyanyua umeigeuza kenchi iwe na mguu mpya ambao haikusanifiwa nao, na vipande vya ndani vilivyokuwa vikivutwa vitabanwa ghafla. Hata bila kunyanyua, mhandisi ahakikishe kipande kilicho juu ya nguzo kinaweza kubeba mzigo huo mpya.

Fundi wangu anasema atachomelea kipande cha engo juu ya palipooza, nusu siku.

Mkatalie, angalau kwa sasa. Chuma kikiwa cha moto kinapoteza nguvu, na hapa kiko kazini, kimevutwa kwa tani kadhaa. Chenye milimita 2 au 3 kinatoboka mara moja. Kuchomelea juu ya kutu hakushiki, juu ya rangi ya zamani kunatoa moshi ambao huenda una risasi, na chini yako kuna magunia.

Baada ya kutegemeza, njia tuliyotumia ilikuwa bolti. Engo mpya mbili ziliwekwa kandokando ya zile za zamani, zikavuka palipooza na kufika kiungo cha kwanza chenye chuma kizima. Kosa la kawaida ni kiraka kinachoishia sentimita chache baada ya kutu, kikaning'inia kwenye chuma ambacho nacho kimenyauka. Plati ya kiungo ya ukutani ilitengenezwa upya, na ncha ya kenchi ikatolewa kwenye tundu na kukalishwa juu ya bamba wazi lenye hewa, ili anayepita chini aione. Gata la ndani lilifungwa kabisa; maji sasa yanamwagika nje. Ungebadilisha chuma na kuliacha gata lile, ungeirudia kazi.

Rangi ipi?

Jibu la fundi wa rangi litakuwa jina la rangi. Jibu langu ni maji baridi: osha chumvi kwanza kwa maji safi, acha pakauke, safisha kutu, osha tena. Chumvi ikifungiwa chini ya rangi huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe na kutoa malengelenge mwaka wa kwanza. Praima yenye zinki nyingi ni nzuri sana juu ya chuma kilichopigwa mchanga kikabaki cheupe, na ni kupoteza fedha juu ya chuma kilichosuguliwa kwa brashi. Kwa brashi na grinda, tumia epoksi iliyotengenezwa kuvumilia uso usio kamili.

Kuna mahali kosa hili limewahi kuua?

Lipo moja linalonirudia kichwani ninapoona doa la maji. Mji wa Elliot Lake, Kanada, ulikuwa na jengo la maduka, Algo Centre, lenye maegesho ya magari juu ya paa. Lilivuja kwa miongo. Maji yenye chumvi yalikula kiungo kimoja cha chuma kati ya boriti na nguzo. Tarehe 23 Juni 2012 kikakatika, sehemu ya maegesho ikashuka, na watu 2 wakafa. Haikuwa kenchi, lakini mkasa ni uleule: wiki chache kabla, mhandisi alikuwa amelikagua jengo kwa macho na kuona liko salama.

Ukaguzi urudiwe baada ya muda gani, na nani aufanye?

Hesabu ya nguvu na alama za hatari zitiwe saini na mhandisi wa miundo. Kwa Tanzania, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kusafisha, kuvunja plasta na kupima anaweza kufanya fundi makini chini yake.

Kuhusu muda, usinipe hesabu ya "milimita 3 kwa miaka 50, basi bado ipo miaka 30". Kutu haikwenda kwa mwendo mmoja. Huenda gata lilianza kuvuja miaka 12 tu iliyopita na hasara yote ni ya hapo. Weka alama ya pointi zilezile kwa rangi ya kudumu na uzipime tena baada ya miezi 12. Tofauti ya milimita 0.1 usiijali, ni mkono na jeli. Ikifika 0.3 kwa mwaka mmoja, kuna maji mahali ambapo bado hujapaona.

Na zile papi?

Zilibadilishwa mwaka uliofuata, baada ya kusi, kumi na nne tu kati ya zote alizokuwa ameandikiwa kwenye makisio.